Nilijua neno, sikio halikulijua: daftari langu la kusikiliza Kifaransa

Miaka miwili iliyopita niliwaambia vijana ghalani washushe katoni za juu na waache za chini, kumbe mteja alikuwa amesema kinyume chake. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na mingi inakwenda Kongo. Na watu wa Lubumbashi hatusumbuani, Kiswahili chao na chetu vinasikilizana. Huyu alikuwa afisa manunuzi wa mgodi mmoja Kolwezi, mzaliwa wa Kinshasa, Kifaransa mwanzo mwisho. Alitaka zile za "dessous", za chini. Mimi nikasikia "dessus", za juu. Kwa sikio letu lenye u moja tu, yote mawili ni "desu".

Kilichoniuma ni kwamba maneno yote mawili nilikuwa nayajua. Kozi ya jioni nilishamaliza hadi ngazi ya A2, ya pili kutoka chini kati ya sita, na angeniandikia ujumbe ningemjibu bila shida. Basi nikaamua kufanya lile ambalo kila mtu hulishauri: sikiliza podikasti, sikiliza sana. Miezi mitatu ya kwanza nilikwenda na kurudi kwenye daladala na taarifa ya habari ya kawaida ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, masikioni, sielewi kitu. Wanaosema "wewe sikiliza tu, lugha itaingia yenyewe" hawajawahi kujaribu kwa lugha wasiyoijua. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi ni mimi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kusikiliza kwingi kunafaa pale tu kipindi kinapokuzidi kidogo, na hicho "kidogo" lazima ukipime kwa sikio, si kwa macho. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Mwaka 2013 watafiti Hilde van Zeeland na Norbert Schmitt walichunguza ni maneno mangapi msikilizaji anahitaji kuyajua ili afuate hadithi fupi zinazosimuliwa kawaida. Kwenye asilimia 95 wengi walielewa vizuri. Ukiwa na msemaji wa maneno kama 150 kwa dakika, asilimia 95 maana yake maneno saba au nane kila dakika yanakupita, na bado unaifuata hadithi. Yakizidi hapo sana, kila unapojaribu kubahatisha neno moja, mawili mengine yameshapita.

Ila kulijua neno kwenye karatasi si kulisikia. Nilipochoka na RFI ya kawaida nilihamia kwenye Journal en français facile ya RFI hiyohiyo, habari za dakika kumi zinazotolewa na maandishi yake. Nikafanya jaribio ambalo hadi leo nalifanya kabla ya kuanza podikasti yoyote mpya. Nilisikiliza dakika mbili za kwanza mara moja, bila kusimamisha, bila kusoma. Halafu nikafungua maandishi na penseli mbili. Kwa nyekundu nikazungushia maneno nisiyoyajua kabisa. Kwa bluu nikazungushia maneno ninayoyajua lakini sikuyasikia yalipopita. Katika maneno kama 300, nyekundu zilikuwa 12. Asilimia 96 nayajua, nikajipongeza. Bluu zilikuwa 31.

Ukijumlisha, sikio langu lilikuwa limeshika asilimia 86 hivi. Kitabu kingesema hiki ni kiwango changu. Sikio likasema bado.

Zile bluu ndizo zinazostahili kuangaliwa, maana karibu zote zina sababu, na sababu hizo zinatuhusu sisi hasa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Hatufundishwi, ila masikio yetu yamezoea: mkazo ukisikika, unajua neno linaishia hapo mbele. Kifaransa mkazo wake huangukia mwisho wa kundi zima la maneno, na ndani ya kundi hilo maneno hushikana mikono. "Les amis" husikika "lezami". "Il est allé" husikika kama neno moja lefu. Mimi nilikuwa nasubiri mpaka wa neno ambao hauji. Halafu kuna yanayomezwa: "il y a" hubaki "ya", na "je ne sais pas" kwa mtu anayeongea haraka huwa "shepa". Mwezi mzima nilikuwa natafuta "shepa" kwenye kamusi. Na kuna irabu za puani, ambazo Kiswahili hakina, zinazofanya "vin", "vent" na "vont" zisikike kama kitu kimoja.

Usitegemee kupunguza kasi kwenye simu. Nilijaribu 0.75, nikapata "shepa" ya polepole. Sauti iliyomezwa hairudi kwa kuivuta.

Kwa hiyo nilirudi chini tena, safari hii kwenye podikasti ya innerFrench, ambayo imetengenezwa kwa wanafunzi wa ngazi ya kati. Mtangazaji ni mmoja, anaongea kwa utaratibu, mada moja kwa nusu saa hivi. Nyekundu zilikuwa 5 na bluu 10 katika maneno kama 280. Hapo ndipo "kidogo" yangu ilipokuwa. Niliona aibu kidogo kushuka, ila ndani ya wiki mbili nilianza kucheka kwenye vichekesho kabla sijajua nimeelewa.

Sasa daftari. Nimeona watu wakitengeneza jedwali la safu kumi na mbili zenye rangi, na baada ya wiki mbili hawasikilizi tena, wanajaza jedwali. Langu ni kijidaftari cha mfukoni. Kila kipindi mstari mmoja: tarehe, podikasti, dakika, mahali, alama, na kitu kimoja tu cha bluu. Mistari mitatu ya mwanzo inasomeka hivi:

4/3, innerFrench, dk 32, daladala, 3, "t'as" ni "tu as"
5/3, innerFrench, dk 20, daladala, 2, kelele, sikupata
5/3, innerFrench, dk 20 (ileile), nyumbani, 4, "y en a" husikika "yana"

Alama ni rahisi. 5 nimeelewa kama Kiswahili. 4 nimefuata yote, vitu vidogo vimepita. 3 nimejua anaongelea nini na hoja zake kubwa. 2 nimeshika mada, hoja zimepotea. 1 ni mbuzi na gitaa. Nikipata 2 mara tatu mfululizo nyumbani, kwenye utulivu, kipindi kimenizidi, nakiacha. Nikipata 5 mara tano, napanda. Mahali ni muhimu kuliko nilivyodhani: bila safu hiyo ningeamini kuwa Jumatano nilikuwa mjinga na Alhamisi nikaerevuka, kumbe Jumatano konda alikuwa anapigia kelele sikio langu la kushoto.

Kitu kimoja cha bluu, si vitano. Hili naling'ang'ania. Ukianza kusimamisha kipindi kila neno, hiyo tayari ni kazi nyingine, nzuri kwa wakati wake, ila dakika 30 zinageuka dakika 90 na unakuwa umesikia Kifaransa kidogo mno. Nasikiliza hadi mwisho, na jioni naangalia maandishi ya dakika mbili tu, pale nilipopotea.

Baada ya miezi minne daftari lilinivunja moyo. Alama zilikuwa 3, 3, 4, 3, 3, sawasawa na za mwezi wa kwanza. Karibu niache. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba kila nilipopata nafuu nilikuwa napanda podikasti ngumu zaidi, kwa hiyo alama ingebaki 3 milele hata kama ningekuwa nakimbia. Daftari la namna hii haliwezi kukuonyesha maendeleo peke yake, na hakuna aliyeniambia.

Dawa yake niliipata kwa bahati, kwa sababu ya uroho. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimepakua vipindi vingi mno kwa Wi-Fi ya ofisini, na vitano vya Journal en français facile vya siku zilezile za mwanzo vilibaki kwenye simu bila kuguswa. Nikafungua kimoja, nikafanya jaribio la penseli mbili. Nyekundu 9, bluu 14. Podikasti ileile, ugumu uleule, kipindi nisichowahi kukisikia: kutoka bluu 31 hadi 14. Kurudia kipindi cha zamani kusingenionyesha hilo, maana ningekuwa nakumbuka habari yenyewe. Tangu hapo vilivyobaki nimeviweka kama akiba, nafungua kimoja kila baada ya wiki sita. Cha pili kilitoa bluu 11. Cha tatu kikatoa 13, wiki niliyokuwa na malaria, nikaandika hivyo pembeni.

Angalia pia kilichoshuka zaidi. Nyekundu zilipungua kidogo, bluu zikaanguka. Kwa uzoefu wangu kusikiliza kwingi hakukunipa maneno mengi mapya. Kulinifungulia yale niliyokuwa nimeshayalipia kwenye kozi. Anayetafuta msamiati asome.

Kuna kosa moja nililifanya muda wote huo. Podikasti zangu zote zilikuwa za Ufaransa, na Ufaransa sabini ni "soixante-dix", tisini ni "quatre-vingt-dix". Mteja wangu husema "septante" na "nonante", kama Wakongo wengine, urithi wa Ubelgiji. Mara ya kwanza aliponitajia kontena inayoishia na nonante-sept nilidhani ni jina la mtu. Sasa siku mbili kwa wiki nasikiliza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza Kongo mwaka 2002, kipindi chao cha Dialogue entre Congolais. Wageni wanakatizana, mmoja yuko kwenye simu yenye mwangwi, na sijaona maandishi ya neno kwa neno ya kukimbilia. Mstari wa juzi unasema: dk 25, nyumbani, 2, "wakiongea wawili sipati, akibaki mmoja napata".

Mteja naye amezoea. Akinitajia dessous sasa nalisikia, midomo yake huonekana kama inarudi nyuma kwenye sauti, sijui kulieleza vizuri. Hata hivyo namuuliza: "En bas?" Anacheka, anajibu, "En bas, en bas, papa."