Kinachousimamisha mpira kwenye sakafu tambarare: kani au torki?

"Mwalimu, mpira ukibingirika bila kuteleza, msuguano unauvuta nyuma. Lakini msuguano huohuo uko chini ya mpira, kwa hiyo unauongezea mzunguko. Sasa mpira unasimamaje?" (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi)

Kwa msuguano peke yake hausimami. Mpira mgumu kabisa juu ya sakafu ngumu kabisa ungeendelea kwenda kwa kasi ileile, na msuguano mahali unapogusa sakafu ungekuwa sifuri. Mipira tunayoijua husimama, kwa hiyo kuna kitu kingine kinachofanya kazi, na namna ya kukiandika kitu hicho ndiyo inayowagawa walimu wa fizikia.

Upande wa kwanza hukiandika kama kani ndogo inayouvuta mpira nyuma, sawa na C mara uzito wa mpira. C ni namba isiyo na kipimo, kwa mfano 0.02. Mchapuko wa kupungua unakuwa gC, na umbali wa kusimama ni v²/(2gC). Njia hii ni nyepesi, na kwenye gari inafaa sana: tungamo la magurudumu ni dogo ukililinganisha na la gari zima, hivyo nishati iliyo kwenye mzunguko wao haibadilishi hesabu kwa kiasi cha kuonekana. Wanaoitetea hawakosei kwa jambo hilo.

Kwa mpira hali ni nyingine, kwa sababu mpira wote ni gurudumu. Upande wa pili huanza pale chini unapogusa. Uzito huuminya mpira kidogo, na sakafu nayo ikiwa laini hubonyea. Sehemu ya mbele inaingia kwenye minyo wakati ya nyuma inatoka, na inapotoka hairudishi nguvu yote iliyotumika kuiminya. Kwa hiyo sakafu inasukuma juu kwa nguvu zaidi mbele kuliko nyuma. Ukizijumlisha kani hizo zote kuwa moja, haipiti tena katikati ya mpira: inapita mbele yake kwa umbali mdogo, tuuite b. Kani ya mg iliyo mbele ya kitovu kwa umbali b huzaa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya mgb, na torki hiyo inapinga mzunguko.

Sasa msuguano unapata kazi yake. Torki inataka kupunguza mzunguko. Mpira usingeshikwa na sakafu, mzunguko ungepungua huku mwendo wa mbele ukibaki palepale, na mpira ungeanza kuteleza. Msuguano unazuia hilo kwa kuvuta nyuma: unapunguza mwendo na wakati huohuo unarudisha sehemu ya mzunguko, ili viwili hivyo vishuke pamoja. Mwanafunzi aliona sawasawa kwamba msuguano unauongezea mpira mzunguko. Kilichokuwa hakijatajwa ni torki inayoushinda.

Kwa hesabu, msuguano f ni sawa na ma, na kwenye mzunguko mgb − fR = Ia/R, ambapo a ni mchapuko wa kupungua, R ni nusukipenyo cha mpira, na I ni ukinzani wa mpira dhidi ya kubadilishwa mzunguko. Mpira wa miguu una upepo ndani na ngozi nyembamba nje, hivyo I yake ni karibu 2/3 ya mR². Ukiunganisha unapata:

a = (3/5) g b/R

d = (5/6) v² R/(g b)

Uwiano b/R ndio ile C ya upande wa kwanza. Tofauti ni kwamba kwa C ileile na kasi ileile, mpira huu unafika mbali mara 5/3 zaidi, kwa kuwa kuna nishati ya mzunguko ambayo nayo lazima iishe. Kwa tufe lililojaa ndani, kama gololi, ni mara 7/5.

Tuchukue mpira wa gramu 430 wenye nusukipenyo cha sentimita 11, kwenye sakafu ya saruji ambapo b ni milimita 2.2, yaani C ni 0.02. Ukienda mita 1 kwa sekunde, njia ya kani inatoa mita 2.55, njia ya torki mita 4.25. Torki yenyewe ni kama 0.0093 Nm. Msuguano ni 0.05 N tu, ukizidishwa kwa R unarudisha 0.0056 Nm, na inayobaki, 0.0037 Nm, ndiyo inayopunguza mzunguko. Namba zinafungana.

Hata hivyo kuna hali moja ambapo pande zote mbili hupata jibu moja, na nadhani ndiyo inayofanya ubishi huu udumu. Ukiuachilia mpira kutoka juu ya ubao ulioinamishwa, badala ya kuupa kasi unayoijua, nishati yote iliyoingia ni mgh, hata igawanyike vipi kati ya mwendo na mzunguko. Torki inaila kidogo kidogo, mgb/R kwa kila mita, mpaka iishe. Kwa hiyo C = h/D tu, ambapo h ni kimo ambacho mpira umeshuka na D ni umbali wa mlalo tangu mpira ulipoachiliwa, sehemu ya ubao ikiwemo, mradi ubao na sakafu vinafanana. Mpira ukishuka sentimita 9 na kusimama mita 4.5 mbele, C ni 0.02. Namba ya I haionekani popote, na mtu wa kani anaweza kuondoka akiamini amethibitishwa.

Kinachowatenganisha ni video ya simu. Weka alama za chaki sakafuni kila nusu mita, hesabu picha kati ya alama na alama, utapata kasi inavyopungua. Kwa C hiyo ya 0.02, kani inatabiri upungufu wa 0.196 m/s kila sekunde, torki 0.118. Pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba simu ya kawaida inatosha. Usiupige mpira teke kuuanzisha, maana mpira uliopigwa bila mzunguko huteleza kwanza mpaka kasi ishuke kufikia 3/5 ya ile ya mwanzo, na hesabu zote hizi huanzia hapo.

Mfano wa torki nao una mipaka. Hauhesabu hewa. Arusha, iliyo kwenye mita kama 1,400, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini kwa mita 2 kwa sekunde bado inauvuta mpira huu kwa takriban 0.04 N, karibu nusu ya mgC. Kwa mita 1 inashuka hadi 0.01 N, ndiyo maana nimechagua kasi ndogo. Wala b si namba ya mpira peke yake: inabadilika na upepo uliojazwa na sakafu, na kwenye nyasi hubadilika hata kwa kasi, kwa hiyo kuichukulia kama namba isiyobadilika ni makadirio.

Mtego mkubwa zaidi ni mteremko. Baraza nyingi hujengwa zikiinama kidogo ili maji ya mvua yatoke, na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita ni nusu nzima ya C yetu. Mwinamo wa sentimita 2, mpira unaoshuka hausimami kabisa. Dawa yake ni kuuachilia kutoka kimo kilekile kwenda upande mmoja, kisha upande wa pili. Kwa kupanda h/D inakuwa C + s, kwa kushuka C − s, s ikiwa ni mwinamo wenyewe. Wastani wa h/D hizo mbili ni C. Usichukue wastani wa umbali, maana huo hukupa C ndogo kuliko ilivyo.