Anasoma bila kosa, lakini muda unamwishia

Tangu nihamie Uingereza nimesikia mara nyingi kutoka nyumbani kwamba disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma maneno, ni ugonjwa wa Kiingereza. Hoja yenyewe ni kwamba Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, basi mtoto akishazijua silabi hana pa kukwama. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na nusu ya pili inawaumiza watoto wetu.

Tuanze na ya kweli. Kiingereza kinamtesa mtoto. Chukua herufi nne zinazofuatana, o, u, g na h. Kwenye neno lenye maana ya kikohozi zinatamkwa "of", kwenye la kutosha "af", kwenye la donge la unga "ou", na kwenye la kupitia "u". Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la kwanza katika lugha 13 za Ulaya. Wafini walisoma sawasawa takriban maneno 98 katika kila 100 ya kawaida. Watoto wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata 34. Watafiti huita maandishi kama ya Kifini maandishi wazi, kwa sababu herufi na sauti zinakwenda pamoja. Ya Kiingereza ni maandishi yenye kina. Kiswahili kiko upande wa Kifini.

Kwa hiyo huku mtoto mwenye disleksia anagundulika kwa makosa. Katika shule za serikali za England, darasa la kwanza hupewa maneno 40 wayasome kwa sauti, na 20 kati ya hayo ni ya kubuni, yamechorewa viumbe vya ajabu ili mtoto ajue hayana maana. Neno la kubuni halikaririki, lazima alijenge kutoka kwenye herufi. Anayeyumba huonekana siku hiyo hiyo.

Sasa mpwa wangu, yuko Tanga, darasa la tano. Nilimsikiliza akisoma habari asiyowahi kuiona na hakukosea neno hata moja. Lakini "walipokuwa wakimsubiri" ilitoka wa-li-po-ku-wa, akavuta pumzi, kisha wa-ki-m-su-bi-ri. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Maneno mafupi aliyapita vizuri. Kadiri neno lilivyorefuka ndivyo alivyozidi kuchelewa. Dada yangu aliambiwa shuleni kwamba mtoto ni mvivu, kwa kuwa kusoma anajua ila mtihani hamalizi.

Hivyo ndivyo disleksia inavyojitokeza kwenye maandishi wazi. Mtafiti Heinz Wimmer aliieleza hali hiyo nchini Austria miaka ya 1990 kwa watoto wanaosoma Kijerumani: makosa machache, kasi ndogo mno. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima ubongo wanafunzi wa vyuo wenye disleksia, Waitaliano, Wafaransa na Waingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao ni wazi, walisoma kwa usahihi kuwashinda wenzao wa nchi nyingine, lakini wote watatu walionyesha upungufu uleule wa shughuli katika sehemu moja ya upande wa kushoto wa ubongo. Maandishi wazi yanapunguza makosa, lakini shida yenyewe hayaiondoi.

Ndiyo maana nasema nyumbani tunapima kitu kisichofaa tunapohesabu makosa peke yake. Tupime muda. Mpe mtoto habari ngeni, maana ya kitabuni wengi wameikariri kwa kuiimba darasani, na anayekariri anaweza kuonekana msomaji hodari. Hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Kisha mpe orodha ya maneno ya kubuni yenye silabi za Kiswahili, kama "mabufeki" au "tolunegi", usikilize kama bado anatembea silabi kwa silabi wakati wenzake wanayatamka kwa mkupuo.

Asilinganishwe na viwango vya Kiingereza. "Hawakutuambia" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni manne au zaidi, kwa hiyo maneno 50 kwa dakika si mzigo uleule. Kipimo chake ni wanafunzi wa shule yake, waliofundishwa na walimu walewale. Na kabla ya kutaja disleksia, apimwe macho na masikio, iulizwe kama alikosa masomo muda mrefu, na kama Kiswahili ndicho alichokizungumza nyumbani tangu utotoni.

Tazameni pia imla. Kuandika Kiswahili si rahisi kama kukisoma. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walilionyesha hilo mwaka 2003. Mtoto anayeandika "apa" badala ya "hapa", au anayebadilisha l na r, huenda anaandika matamshi ya kwao tu. Anayeruka silabi nzima ni wa kuangaliwa zaidi.

Dada amekwenda na saa shuleni, akamwomba mwalimu amsikilize kijana pamoja na wenzake wachache kwa habari ileile. Tunachoomba kwa sasa ni muda wa ziada kwenye majaribio ya darasani, na maswali ya hesabu yenye maelezo marefu asomewe kwa sauti.