Lile tundu kwenye ramani ya unga

Juzi mzee mmoja mwenye minoteri, kiwanda cha kusaga unga wa mahindi, hapa Lubumbashi, upande wa Ruashi, aliniita ofisini. Anataka kuchapisha mifuko mipya ya kilo 25, na mtaalamu fulani amemchorea ramani ya mitazamo, yaani jinsi wanunuzi wanavyoziona chapa: msalaba mkubwa wa mihimili miwili kwenye karatasi, bei ikilala, ubora ukisimama, na chapa za unga zimetawanywa kama vidoa. Kona ya juu kushoto, kwenye bei ndogo na ubora mkubwa, hakuna kidoa hata kimoja. Mtaalamu ameizungushia duara jekundu na kuandika: NAFASI.

“Ndugu yangu, ona,” akaniambia, “wote wamelala, pale pako wazi!”

“Papa,” nikamwambia, “pale pako wazi kwa sababu kila anayejaribu kukaa pale anafilisika.”

Hakucheka, na mimi sikuwa nachekesha. Kinachoniudhi si mzee yule, kinachoniudhi ni wanaolipwa dola za watu ili wachore bei na ubora. Karibu bidhaa yoyote utakayoichora hivyo, iwe unga, sabuni au simu, vidoa vitapanda mstari mmoja kutoka chini kushoto hadi juu kulia, na kona mbili zitabaki tupu. Moja ni ya kitu kibaya chenye bei kali, ambayo hakuna mjinga wa kuitaka. Nyingine ni ya kitu kizuri cha bei ya bure, ambayo kila mmoja anaitaka na hakuna anayeweza kuitoa. Hapo hujachora mihimili miwili, umechora mmoja mara mbili.

Kwa unga, sababu iko ndani ya mashine yenyewe. Mteja wetu akisema “unga mzuri” mara nyingi anamaanisha mweupe. Weupe unatoka kwenye kukoboa: unaondoa pumba, unaondoa kiini cha mbegu, kinachobaki ndicho unachosaga. Ukikoboa sana, kilo 100 za mahindi zinaweza kukupa 65 za unga. Ukikoboa kidogo, zinaweza kukupa 85. Pumba utawauzia wafugaji, sawa, lakini kwa bei ya pumba. Kwa hiyo mweupe lazima uwe ghali, na hakuna duara jekundu litakalobadilisha hesabu hiyo. Wazambia hawajifichi: mfuko wa brekfasti, ule mweupe, una bei yake, wa rola, uliokobolewa kidogo, una yake, na wote wanajua kwa nini.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kompyuta. Panga chapa zako kwa mhimili wa kwanza, kutoka ya juu hadi ya chini. Zipange tena kwa mhimili wa pili. Kama mpangilio ni uleule, au unakaribia, tupa mhimili mmoja.

Sasa utapata wapi mwingine? Si kichwani mwako, na si ofisini. Nenda Soko la Kenya, au Katuba kwenye vibanda, ukiwa na mifuko mitatu mkononi. Mwonyeshe mama anayenunua, umwulize: kati ya hii mitatu, ipi miwili inafanana, na huo wa tatu unatofautiana nini nayo? Kisha badilisha mmoja, uulize tena. Mwanasaikolojia George Kelly aliandika kuhusu njia hii mwaka 1955, na bado inawashinda wengi kwa sababu inataka unyamaze. Ukimpa mama karatasi yenye “ubora” atakupa alama ya ubora, basi. Ukimpa mifuko mitatu atakwambia: huu unakunywa maji, meka moja, kopo letu la kupimia, inatoa bukari, ugali wetu, ya watoto wote, ule ukipoa unavunjika, na huu, mama anautazama kwa jicho baya, huu leo mzuri, kesho sijui wameweka nini.

Hilo la mwisho ndilo ningelishika. Unga safi usio na mchanga ni jambo kubwa kuliko yote, kila mtu atakwambia hivyo, lakini kama mifuko yote mitano iliyo sokoni ni safi, usafi hautenganishi mtu na mtu na haufai kuwa mhimili. Mhimili unataka mambo mawili kwa pamoja: mnunuzi aujali, na chapa zitofautiane juu yake. Uhakika wa kwamba mfuko wa leo utapika kama wa juzi unayo yote mawili.

Tuchore basi. Namba hizi natunga ili mfano uonekane, alama ni za 1 hadi 7. Unga mweupe wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa: weupe 6, uhakika 3, maana watu wanashuku mifuko inajazwa upya kwenye depo. Mfuko mwekundu wa hapa: weupe 5, uhakika 6. Wa buluu: 4 na 5. Unga wa mashine ya mtaani unaouzwa kwa meka: 2 na 2, maana mahindi yanabadilika kila gunia. Angalia mpangilio: aliye wa kwanza kwa weupe ameanguka hadi wa tatu kwa uhakika. Hii ni mihimili miwili kweli. Na tundu limehama. Sasa liko kwenye weupe mdogo na uhakika mkubwa: unga uliokobolewa kidogo, unaoshibisha, usiobadilika.

Usikimbilie kalamu nyekundu. Tundu linaulizwa maswali mawili. La kwanza, kwa nini hakuna mtu humo? Hapa jibu ninalo: kiini cha mbegu kina mafuta, na unga uliobaki nacho unakuwa mchungu ukikaa. Mfuko unaosubiri mpakani, kisha depo, kisha kibandani, hauwezi kutunza ahadi hiyo. Anayesaga Ruashi na kuuza ndani ya wiki hiyohiyo anaweza, akichagua mahindi yake na akiandika tarehe ya kusaga kwenye mfuko. Kwa hiyo tundu hili limefungwa kwa wa mbali, si kwa mzee wangu.

La pili, kuna anayeutaka? Waulize watu haohao wakupe alama za unga wanaoutamani, uziweke kwenye ramani, lakini usizichanganye zote. Mtu wa Golf, mtaa wa wenye pesa, akitaka 7 za weupe na wa Katuba akitaka 2, wastani utakupa mtu wa 4 na nusu ambaye haishi mtaa wowote. Nadhani wanaoutaka ni akina mama wanaouza bukari iliyopikwa, ambao wanahesabu sahani kwa kila meka, pamoja na nyumba zenye watoto wengi. Nadhani tu. Mbele ya wageni nyumba hizohizo zitataka nyeupe, na ramani haikuonyeshi wageni.

Nikubali, hata ile karatasi mbaya ilifanya kazi moja: mzee na mtoto wake waliacha kubishana juu ya rangi ya mfuko wakaanza kubishana juu ya mnunuzi. Mtoto anataka kuchapisha mifuko elfu kumi. Nimewaambia wasage kidogo, wauze kwenye mifuko isiyochapishwa yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono, kwa akina mama wa bukari peke yao, kisha wahesabu wangapi wanarudi kununua mfuko wa pili bila kupunguziwa bei.