Mnaogopa E509, chumvi mnaimimina sufuriani

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwenye grupu la familia yetu imeletwa na shemeji. Jamaa kashika kopo la maharage mekundu, anasoma maandishi madogo kwa sauti ya kutangaza msiba: "E509! E385! Ndugu zangu, hii ni sumu!" Shangazi, ambaye ana presha na dawa anameza kila siku, akajibu kwamba yeye maharage ya kopo basi tena.

Sasa huyo huyo shemeji alitualika chakula siku chache baadaye. Nikamkuta jikoni. Kafungua kopo, kaligeuza lote juu ya kitunguu kinachokaangwa, na ule ute wake wote, akagonga kopo tako lisibaki tone. Halafu akamegea kiungo cha mchuzi cha kipande. Halafu akatia chumvi. Nikamwambia, "Shemeji, si shangazi anakula hapa leo?" Akanijibu, "Kidogo tu, ya kuleta ladha." Ndiyo maana naandika.

Tuanze na hizo sumu. E509 ni kloridi ya kalsiamu. Inatiwa ili ngozi ya harage isipasuke na kopo zima likageuka uji. E385 inashika chembechembe za madini ndani ya maji ili harage jekundu lisigeuke rangi ya kutu. Zinatiwa kwa kiasi kidogo, na E385 ina kikomo kilichowekwa. Asiyezitaka, haya, asizinunue. Yapo makopo yenye maharage, maji na chumvi tu. Lakini kwa mtu mwenye presha, neno la kutisha kwenye hiyo orodha ni lile ambalo jamaa wa video aliliruka kwa sababu analijua: chumvi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani chumvi imewekwa ili maharage yasiharibike, kwa hiyo ni shari ya lazima. Si kweli. Maharage ya kopo hayahifadhiwi na chumvi wala dawa yoyote. Yanafungwa kwenye kopo, kopo linazibwa, kisha linapikwa likiwa limezibwa, ndani ya mtungi mkubwa wa mvuke wenye shinikizo, kwenye joto la karibu nyuzi 121. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, pamoja na vile sugu vinavyostahimili maji yanayochemka, na hewa ya nje haiingii tena. Basi. Chumvi iliyomo haifiki hata gramu moja kwa kila gramu 100 katika makopo mengi. Kwa kiasi hicho haimzuii kijidudu yeyote. Imewekwa kwa ajili ya ulimi wako. Ndiyo sababu kopo lililoandikwa kwamba halikuongezwa chumvi linakaa rafuni muda mrefu vilevile kama la pili yake.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutarudi kwenye mambo ya video. Chukua kopo la kawaida la gramu 400. Angalia ubavuni, kuna uzito mwingine: yakichujwa, maharage ni gramu 240. Tuseme jedwali la virutubishi linasema sodiamu miligramu 300 kwa kila gramu 100 za vyote vilivyomo. Kopo zima basi lina miligramu 1,200. Sodiamu si chumvi yenyewe, ni sehemu yake. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Inakuja gramu 3. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani sodiamu miligramu 2,000. Zaidi ya nusu ya siku imo ndani ya kopo, kabla ya kiungo cha mchuzi, na kabla ya ile "kidogo tu".

Ukimwaga ule ute na kuyaacha maharage yachuruzike vizuri kwenye chujio, unaondoa zaidi ya theluthi ya sodiamu. Wamarekani waliopima makopo na kuchapisha matokeo mwaka 2011 walipata asilimia 36 kwa kuchuja tu, na asilimia 41 kwa kuchuja na kusuuza. Na inaingia akilini: kopo likikaa rafuni miezi, chumvi hujigawa sawa kati ya maji na harage. Maji na ute ni kama asilimia 40 ya uzito, kwa hiyo ukiyamwaga yanaondoka na fungu lake. Kusuuza kunaondoa utando uliobaki juu ya ngozi. Kopo letu la miligramu 1,200 linashuka hadi kama 710.

Kwa hiyo msinitangazie kwamba kusuuza kunamaliza chumvi. Hakumalizi. Iliyoingia ndani ya harage imo, hata ukifungulia bomba mpaka DAWASA wapige simu. Chuja kwanza, acha yachuruzike dakika mbili, suuza huku ukiyageuza kwa mkono mpaka lile povu likome, chuja tena. Povu likishakoma, kuendelea ni kuchezea maji.

Linganisha sasa na lile kopo la bei juu lenye maneno "chumvi imepunguzwa". Kwa kawaida maneno hayo yanamaanisha imepungua angalau robo kuliko bidhaa ya kawaida ya aina hiyo. Robo! Bomba lako limepunguza zaidi ya hapo bure. Maneno ya kutafuta ni "haikuongezwa chumvi", kisha uthibitishe kwa kusoma orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia.

Angalia pia jedwali limehesabu nini. Mengine yanahesabu kwa gramu 100, mengine kwa "mlo mmoja", na mlo wenyewe ni nusu kikombe. Nani anakula nusu kikombe cha maharage na wali? Mengine yanaandika chumvi, mengine sodiamu, na ukilinganisha makopo mawili bila kuzidisha, lenye sodiamu 0.4 litaonekana zuri kuliko lenye chumvi 0.8, ilhali ndilo lenye chumvi zaidi: gramu 1.

Yale ya sosi ya nyanya hayasuuzwi, sosi ndiyo chakula. Hapo ni kusoma tu, na sukari uisome.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ute unafanya mchuzi uwe mzito. Ponda maharage machache kwa mwiko, au tia tui. La pakiti nalo lisome: mara nyingi lina vinato kama E412 vya kuzuia lisijitenge, navyo sivigombanii. Na ndiyo, makavu ya gunia ya kulowekwa usiku yana chumvi unayoitia mwenyewe tu, lakini sitamhubiria mtu habari ya saa mbili za gesi kwa bei ya mtungi ya sasa.

Moja la mwisho kwa wenye kina shangazi. Bidhaa nyingine zilizopunguzwa chumvi zimetiwa kloridi ya potasiamu badala yake. Kwenye orodha huandikwa pia E508. Kwa wengi haina neno. Ila mwenye figo dhaifu, au anayemeza baadhi ya dawa za presha zinazobakisha potasiamu mwilini, anaweza kudhurika potasiamu ikipanda. Nimemwambia shangazi aende na kopo lenyewe kliniki, amwonyeshe daktari. Shemeji anasema namtisha mgonjwa.