Sangara kilo tatu bure

Jamani niliaibika kwenye meli ya Nansio, acheni tu.

Nilipomkabidhi dogo wa ofisini OpenVPN yetu hapa Mwanza, ile njia ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, nilijiona fundi kweli, kaunta buku zima nimelijaza, anwani ya seva, poti, funguo zinakaa wapi, cheti cha seva kinakufa lini (Easy-RSA yetu ilikipa siku 825), cha CA inayosaini vyeti vyote miaka 10, na simu ya dogo nikaitegea alamu. Nikamwambia hapo hata ukilala usingizi utaamshwa.

Sasa wiki hiyohiyo kuna mtu aliibiwa laptopu, ikabidi cheti chake nikifute. Ukifuta cheti unatengeneza orodha ya waliofutwa, faili la `crl.pem`, seva inalisoma kila mtu akigonga hodi. Kumbe na lenyewe lina tarehe ya kufa, usipoibadili ni siku 180, na likishakufa seva haimkatai mwizi tu, inakataa kila mtu! Kwenye daftari sikuandika hata nukta.

Basi miezi sita baadaye niko melini naenda msibani Ukerewe, simu hiyo. "Kaka, watu wanadondoka mmoja mmoja!" Waliokuwa ndani walitolewa kila seva ilipowahakiki upya, inafanya hivyo kila saa moja. Maskini dogo alikagua vyeti vyote, vizima, alamu kimya, akaanza kumsingizia mtu wa intaneti. Nikamwambia nisomee logi:

```
VERIFY ERROR: depth=0, error=CRL has expired
```

Nikaishiwa nguvu. Haya, ingia folda la Easy-RSA, piga hii, halafu faili jipya lipeleke kwenye seva:

```
./easyrsa gen-crl
cp pki/crl.pem /etc/openvpn/server/
```

"Kaka inataka paswedi ya CA." Hiyo nayo ilikuwa kichwani kwangu tu, na mtandao unakatikakatika, mji tunauacha nyuma. Meseji haziendi. Ikabidi nipayuke, "SANGARA! KILO! TATU! BURE!" "Nini?" "Sangara kilo tatu bure! Yameungana, tatu ni namba!" Mara ya tatu ndo akapata, watu wakaanza kuingia, simu ikakata.

Kugeuka hivi, mama mmoja kasimama na ndoo. "Baba, wanagawa wapi?" Nyuma yake wengine wanne. Namweleza ni neno la siri, ananijibu, "Siri gani na umeitangazia meli nzima?"

Tuliibadilisha niliporudi, mpya iko kwenye bahasha ndani ya sefu, na daftarini pana ukurasa mzima wa hii amri, alamu inalia wiki mbili kabla ya tarehe inayotoka hapo:

```
openssl crl -in crl.pem -noout -nextupdate
```

Ila yule mama alinifuata mpaka gatini Nansio, ndoo mkononi, eti labda ile kilo tatu inagawiwa huko.