Neno "kutoa" linawaponza watoto kwenye bondi za ayoni

Jumapili iliyopita binti wa kaka yangu, yuko Kidato cha Pili, alikuja kwangu Ipagala, hapa Dodoma, na daftari la kemia kalikumbatia kama mtu aliyebeba barua ya msiba. Swali lilikuwa moja tu: chora mchoro wa nukta na misalaba kuonesha bondi ya ayoni kwenye magnesiamu kloraidi. Alama nne. Kapata moja. Pembeni, kwa wino mwekundu, kumeandikwa maneno mawili: "Kariri chaji!"

Hayo maneno mawili ndiyo yamenifanya niandike leo.

Mchoro wenyewe ulikuwa safi. Duara kachora kwa kuzungushia sarafu. Magnesiamu kaiweka katikati na misalaba miwili, yaani elektroni zake, kwenye ganda la nje, klorini moja kushoto na nyingine kulia, kila moja na nukta saba. Mishale miwili inatoka kwenye magnesiamu, mmoja unaenda huku na mwingine kule. Mpaka hapo hakuna kosa. Kosa liko kwenye hatua ya mwisho: mabano ya mraba kaweka, halafu juu ya mabano ya magnesiamu kaandika 2−, na juu ya kila klorini kaandika +.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo hasi mbili umeitoa wapi?"

Akanijibu bila kusita: "Shangazi, si magnesiamu imetoa elektroni mbili? Kutoa ni hasi. Na klorini imeongezewa moja, kwa hiyo ni chanya."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu mtoto alikuwa amefikiri, na alikuwa amefikiri kwa Kiswahili. Tangu darasa la kwanza ameambiwa kumi kutoa mbili ni nane, na alama ya kutoa ni kale kakistari. Somo linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, lakini mwalimu anapotaka kueleweka anageukia Kiswahili na kusema "magnesiamu inatoa elektroni mbili", na kichwani mwa mtoto neno ni lile lile la hesabu. Anachukua kakistari, anakaweka. Ningekuwa na umri wake na nimefundishwa hivyo, ningeandika hivyo hivyo. Sasa mtu huyu unamwambia akariri nini? Akikariri kwamba magnesiamu ni 2+ huku akili yake inamwambia imetoa mbili, atakuwa anabeba vitu viwili vinavyogombana, na siku ya mtihani kitakachoshinda ni kile anachokielewa.

Tulihamia barazani kwenye mkeka. Nilileta sinia, punje za mahindi ziwe misalaba ya magnesiamu, na choroko ziwe nukta za klorini. (Upepo wa hapa mnaujua, ilibidi tugeuze meza iwe kizuizi.) Nilikata karatasi tatu. Ya kwanza tuliandika 12, mbili zilizobaki tukaandika 17 kila moja. Hizo ni protoni, ziko ndani ya kiini, na nikamwambia sharti la mchezo ni moja: karatasi haisogei. Kinachosogea ni punje tu.

Akapanga magnesiamu: punje mbili karibu na karatasi, nane zikizizunguka, mbili nje. Kumi na mbili. Klorini nayo mbili, nane, saba. Kumi na saba, mara mbili. Nikamwambia ahamishe zile punje mbili za nje, moja kila upande. Akahamisha. Kisha nikamkataza kabisa kutaja chanya wala hasi kabla hajahesabu kilichobaki.

Akahesabu: protoni 12, elektroni 10. Nikamwambia, sasa lile neno lako "kutoa" lilete hapa, ndipo mahali pake. Protoni kutoa elektroni. Kumi na mbili kutoa kumi ni mbili, na mbili hiyo ni ya upande wa protoni, yaani chanya. Akahama kwenye klorini: kumi na saba kutoa kumi na nane. Akasema, "Imezidiwa moja." Imezidiwa na nini? "Na elektroni." Basi hiyo ndiyo hasi moja.

Hoja yangu yote iko hapo. Hesabu ya kutoa ipo kweli kwenye mchoro huu, ila haifanyiki kati ya atomi inayotoa na ile inayopokea. Inafanyika ndani ya kila chembe peke yake, kati ya protoni ambazo hazijahama na elektroni zilizobaki au zilizoongezeka. Mtoto akizijua namba mbili hizo hahitaji kukariri chaji ya kitu chochote. Kinachomchanganya ni kwamba elektroni yenyewe ndiyo yenye hasi. Ni kama deni: ukiondolewa deni la shilingi mbili huwi maskini zaidi, umenyanyuka kwa shilingi mbili. Hata hilo jina la hasi halina siri kubwa. Benjamin Franklin alipochagua katika karne ya 18 upande upi wa umeme uitwe chanya na upi uitwe hasi, elektroni ilikuwa haijulikani. J. J. Thomson alikuja kuitambua mwaka 1897, ikakutwa imeangukia upande wa hasi. Angechagua kinyume, binti yangu angepata alama zake nne.

Tukarudi kwenye daftari tukauchora upya, na hapa naomba walimu na wazazi mniangalie mkono, kwa sababu mchoro una sehemu zake za kuteleza. Ukishahamisha misalaba miwili, ganda la nje la magnesiamu halina kitu. Unaweza kuliacha duara tupu, au ukaonesha ganda la ndani lenye nane. Vyote viwili vinaeleweka. Kisichokubalika ni kuiacha misalaba palepale na wakati huohuo kuionesha kwenye klorini. Hilo nimeliona kwenye madaftari mengi sana, na kulikamata ni rahisi: hesabu elektroni za nje kabla na baada. Kabla ni mbili, saba na saba, jumla 16. Baada ni nane na nane, 16. Ukipata 18, kuna elektroni mbili umezizalisha kwa penseli.

Klorini kila moja inakaa ndani ya mabano yake, na nukta saba na msalaba mmoja. Ule msalaba usiugeuze nukta, ndiyo kumbukumbu ya ulikotoka. Elektroni zenyewe hazina alama wala rangi, zote ni sawasawa, lakini sisi tunaosoma mchoro tunataka kujua nani alimpa nani. Chaji inaandikwa nje ya mabano, juu kulia, namba ikitangulia: 2+. Na zile klorini mbili usizifungie pamoja kwenye mabano mamoja kwa sababu tu fomula inaandikwa MgCl₂. Hazijashikana zenyewe kwa zenyewe. Ukimaliza, jumlisha: 2+ na hasi moja na hasi moja ni sifuri. Isipokuwa sifuri, rudi nyuma.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ile kanuni ya "metali chanya, zisizo metali hasi" inaokoa alama ukiwa na dakika mbili zimebaki. Nakubali pia kwamba mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani hawezi kumwandikia kila mtoto aya nzima. Lakini "protoni kutoa elektroni" ni maneno matatu. Hayachukui wino mwingi kuliko "Kariri chaji!"

Jambo la pili linaloniuma ni ile hadithi kwamba magnesiamu "inapenda" kutoa na klorini "inapenda" kupokea ili wote "wafurahi". Haipendi. Kuzing'oa elektroni mbili za nje kutoka atomi za magnesiamu, moli nzima, kunagharimu karibu kilojuli 2,190. Klorini mbili zikizipokea zinarudisha karibu 700 tu. Uhamisho peke yake ni hasara tupu. Kinacholipa ni kinachofuata: ayoni za chanya na hasi kuvutana na kujipanga kwa mamilioni kwenye fuwele, na hapo zinatoka karibu kilojuli 2,500. Huo mvuto ndio bondi. Mshale ni maandalizi yake tu. Na ndiyo sababu magnesiamu inaishia mbili: elektroni ya tatu iko ganda la ndani, kuing'oa hiyo moja kunataka zaidi ya kilojuli 7,700, na hakuna fuwele itakayolifidia hilo.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza kama ile picha ya ayoni tatu ni "molekuli ya magnesiamu kloraidi", mwambie hapana. Ndani ya fuwele kila ayoni ya magnesiamu imezungukwa na klorini sita. Mchoro unaonesha uwiano na chaji, basi. Mnaotumia chumvi ya mawe mmeshakutana na kitu hiki bila kukijua: mvua za Januari zikianza na chumvi ikaanza kulowana kwenye kopo, mara nyingi ni hiyo magnesiamu kloraidi iliyobaki ndani yake, inavuta unyevu wa hewani.

Jua lilipokaribia kuzama nikampa swali la mwisho, magnesiamu oksaidi, bila mahindi wala choroko. Akachora oksijeni na nukta sita, safari hii mishale yote miwili ikaenda kwake. Magnesiamu aliimaliza haraka. Kwenye oksijeni akasimama, kidole kwenye namba 8.

"Nane kutoa kumi," akasema. Akaniangalia. "Shangazi, haitoshi. Zinapelea protoni mbili."

Nikamwambia andika ulichokisema. Akafungua mabano, akapanga nukta sita na misalaba miwili, akafunga, kisha juu kulia akaandika 2, na baada yake kale kakistari.