Kuchakachua methali kwa ajili ya picha ya chapati

Kapsheni nyingi za methali huharibika katika maneno mawili ya kwanza: "Wahenga walisema…" Ukishawataja wahenga, msomaji kajiandaa kwa utani, na utani ukitarajiwa haukati. Ingia moja kwa moja kwenye methali, umwache aitambue mwenyewe, kisha umgeuzie kibao.

Tuchukue picha ya kawaida kabisa: sahani ya chapati, na mkono unaochukua ya nne. Methali inayoita hapo ni "Haba na haba hujaza kibaba". Wanaosoma leo wengi hawajawahi kupimiwa nafaka kwa kibaba, ile robo ya pishi, lakini methali yote wanayo kichwani, na hilo ndilo unalolihitaji. Andika: "Haba na haba hujaza kitambi."

Limebadilika neno moja tu, tena la mwisho, kwa hiyo hadi hapo msomaji anadhani anajua anakopelekwa. Kibaba kina silabi tatu, kitambi tatu. Yote mawili huanza na ki-, na mkazo unaangukia "ba" kwa "ta", irabu ileile. Sikio halishtuki mpaka maana ifike. Sasa jaribu "Chapati na chapati hujaza tumbo". Mwanzo umepotea, kina kimepotea, na chapati tayari tunaziona kwenye picha. Hakuna haja ya kutuambia.

Neno la mwanzo linaweza kubadilishwa iwapo kiunzi cha katikati kitabaki. "Samaki mkunje angali mbichi" inafaa picha ya chapati iliyokunjwa, ila hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanaandika "Chapati mkunje angali moto". Samaki ana uhai, ndiyo maana akapewa m- na a-. Chapati haina, kwa hiyo upatanisho nao lazima uhame: "Chapati ikunje ingali moto." Hesabu mizani: kumi na moja, karibu sawa na ya asili. Na ni kweli jikoni pia, kwa sababu chapati ikishapoa na kukauka hupasuka pale unapoikunja. Kwangu mimi hii inaishinda ile ya kitambi, maana hata asiyecheka atakubali.

Methali zenye hu-, kama hujaza, ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, kwani hu- haibadiliki kwa ngeli yoyote.

Wakati mwingine kina kipya huzidi cha zamani. Picha ya simu tatu zikichaji kwenye ekstensheni moja sebuleni: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe bili." Jembe halikuwahi kuwa na kina na mbili, bili inacho. Ila piga picha simu na waya tu. Sura ya mgeni ikionekana, huo si utani tena, ni kumfukuza. Na usimalizie na vikaragosi vinne vya kucheka.